Kizazi cha Saba, Kizazi cha Nane: Laptopu Nzima Inapokataliwa



Mezani hapa kuna laptopu mbili. Ya kushoto ni ThinkPad T470, ya kulia ni T480. Ukizipita haraka utadhani ni pacha: umbo ni lile lile, kibodi ni ile ile, na chaja ya T480 inaichaji T470 bila shida. Ya kwanza iliingia sokoni mwaka 2017, ya pili mwaka 2018. Ndani ya T470 hii mna prosesa ya Intel i5-7300U, ndani ya T480 mna i5-8250U. T480 ilipokea Windows 11 bila ubishi. T470 ilikataliwa, na hata ukiijaza RAM na kuitia SSD mpya, jibu halitabadilika.

Nimechagua hizi mbili kwa sababu ndizo zilizojaa kwenye maduka ya mitumba, Luthuli Avenue kule Nairobi na Kariakoo hapa Dar es Salaam. Kampuni za Ulaya zikibadilisha vifaa vya wafanyakazi wao, vile vya zamani husafishwa, hufungwa kwenye makasha na kuletwa kwetu. Kwa hiyo uamuzi uliofanywa Marekani kuhusu tarakimu moja kwenye jina la prosesa unafika hadi kwenye chumba cha kompyuta cha shule ya sekondari. Leo nataka tuelewe tofauti ya hizi mbili, ili tujue lini mashine imekataliwa kwa kitu kinachorekebishika, na lini imekataliwa moja kwa moja.

Tuanze na kilichotokea. Windows 10 ilitolewa tarehe 29 Julai 2015, na msaada wake wa kawaida ukafika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Asubuhi ya tarehe 15 kompyuta ziliwaka kama kawaida, barua zilichapwa, filamu zilichezwa. Hapo ndipo watu wengi walipojiambia kwamba yale yalikuwa maneno ya kutisha wateja tu. Kilichokoma hakionekani kwenye kioo. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa viraka vya kuziba matundu yaliyogunduliwa kwenye mfumo, na baada ya tarehe ile viraka hivyo havikuletwa tena kwa Windows 10 ya kawaida.

Haikuchukua muda. Tarehe 11 Novemba 2025, kwenye mzunguko wa kwanza kabisa baada ya mwisho huo, kilitolewa kiraka cha tundu lililopewa namba CVE-2025-62215. Tundu hilo liko kwenye kiini cha Windows, na wavamizi walikuwa wameshaanza kulitumia kabla kiraka hakijatoka. Kazi yake ni hii: mtu akishaingia kwenye kompyuta yako akiwa na mamlaka madogo, tuseme kupitia faili uliyoifungua kwenye barua pepe, analitumia kujipandisha hadi mamlaka ya mfumo mzima. Akifika hapo anaweza kuzima ulinzi, kusoma nywila, kujificha. Windows 11 ilizibwa siku hiyo. Windows 10 iliyojiandikisha kwenye mpango wa viraka vya ziada, ambao nitaueleza baadaye, nayo ikazibwa. Iliyobaki nje ya mpango ilibaki wazi, na ikiendelea kubaki nje haitazibwa kesho wala mwakani.

Kuna jambo hapa ambalo hata mafundi wengine hulipita. Kiraka chenyewe ni habari kwa mvamizi. Anachukua faili la mfumo la kabla ya kiraka na la baada yake, analinganisha, na panapotofautiana ndipo tundu lilipo. Windows 10 na Windows 11 zinatumia sehemu kubwa ya msimbo mmoja, hasa kwenye kiini. Hivyo kila mwezi Windows 11 inapozibwa, mtu mwenye ujuzi anapata dokezo la mahali pa kutafuta kwenye Windows 10 ambayo haijazibwa. Hatari haisimami pale ilipokuwa tarehe 14 Oktoba. Inaongezeka mwezi kwa mwezi, na mwenye kompyuta haoni chochote.

Mtaniuliza: si tuna kinga ya virusi? Ipo. Microsoft imesema orodha za virusi za Defender zitaendelea kuletwa kwa Windows 10 hadi Oktoba 2028. Lakini orodha hiyo hutambua faili baya linalojulikana, haizibi tundu lililo kwenye kiini. Nina wasiwasi na alama ile ya kijani ya Defender, kwa sababu itaendelea kung'aa kwa miaka mitatu na kuwapa watu amani ambayo kompyuta haina.

Mwaka 2017 dunia iliona jambo hili kwa ukubwa wake, mnyoo wa WannaCry uliposambaa tarehe 12 Mei na kufunga kompyuta za hospitali za Uingereza. Wengi hukumbuka kwamba kosa lilikuwa la Windows XP iliyokwisha msaada. Ukweli ni kwamba kompyuta nyingi zilizoambukizwa zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati ule bado ilikuwa ikiletewa viraka vya usalama. Kiraka kilikuwa kimetoka miezi miwili nyuma, mwezi Machi, ila wenye mashine hawakukiweka. Nalisema hili kwa makusudi, maana katika shule zetu na maduka yetu masasisho mara nyingi huzimwa ili yasile bando. Kompyuta ambayo masasisho yake yalizimwa mwaka 2022 ilikwisha msaada mwaka 2022, hata kama kalenda ya Microsoft inasema vingine.

Baadaye sana ndipo uzee huanza kuonekana kwa macho. Windows 7 ilikwisha msaada Januari 2020, na Chrome iliendelea kuipa matoleo mapya hadi toleo la 109, mwanzoni mwa 2023. Baada ya hapo kivinjari kikaganda, na taratibu baadhi ya tovuti zikaanza kugoma au kufunguka nusu. Kati ya siku ya hatari kuanza na siku ya usumbufu kuanza kulikuwa na miaka mitatu. Hiyo ndiyo miaka ambayo watu huumizwa.

Sasa turudi kwenye T470 na tuulize kwa nini imekataliwa. Ujumbe wa kukataliwa haufanani kwa kila kompyuta, na fundi mzuri huusoma kabla ya kumtoza mtu pesa. Windows 11 inataka mambo kadhaa: RAM ya GB 4, diski ya GB 64, uwashaji wa aina ya UEFI wenye Secure Boot, chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Mawili ya mwanzo ni rahisi kuyaelewa. Matatu yanayofuata ndiyo yanayochanganywa.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `winver`. Kwenye T470 hii inasoma 22H2, toleo la mwisho la Windows 10. Vizuri. Kisha andika `tpm.msc`. Dirisha linafunguka na chini kulia tunasoma Specification Version 2.0. Chipu ipo na imewashwa. Ikisema kwamba TPM haipatikani, msikate tamaa: kwenye laptopu nyingi za miaka hiyo chipu ipo lakini imezimwa kwenye BIOS. Kwenye ThinkPad unabonyeza F1 wakati wa kuwasha, unaingia Security, kisha Security Chip, unaiwasha. Ni kazi ya dakika chache, na nimesikitika kuona watu wakiambiwa wanunue mashine nyingine kwa sababu ya swichi hiyo moja.

Tatu, andika `msinfo32` na utazame mstari wa BIOS Mode. Hapa panasoma UEFI. Kompyuta nyingi zilizopita kwa mafundi wetu zitasoma Legacy, kwa kuwa Windows iliwekwa kwa njia ya zamani na diski ikagawanywa kwa mtindo wa MBR. Hili nalo linarekebishika bila kufuta mafaili, kwa amri ambayo Windows 10 inayo tayari. Ya kwanza hukagua tu, ya pili ndiyo inayobadilisha:

```
mbr2gpt /validate /allowFullOS
mbr2gpt /convert /allowFullOS
```

Ikimaliza, ingia BIOS ubadilishe uwashaji kuwa UEFI na uwashe Secure Boot. Usipobadilisha hapo, mashine haitawaka.

Kabla ya kugusa lolote kati ya hayo, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker. Ufunguo wake hutunzwa na ile chipu. Ukibadilisha mipangilio ya chipu au ya uwashaji, mashine itakuomba ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Usipokuwa nao, mafaili yamekwenda, na hakuna fundi wa Kariakoo wala wa kwingine atakayeyarudisha. Na chaguo la Clear Security Chip liacheni kabisa kama hamjui hali ya diski.

Basi T470 yetu imepita RAM, diski, chipu na uwashaji. Tunawasha programu ya ukaguzi ya Microsoft, PC Health Check, nayo inatujibu: `The processor isn't currently supported for Windows 11.` Jibu hili halina swichi. Prosesa ya laptopu hii imegandishwa kwenye ubao mama, haiwezi kubadilishwa na nyingine. Hapa ndipo ukuta wa kweli ulipo.

Mstari ulichorwa wapi? Kwa Intel, ulichorwa kati ya kizazi cha saba na cha nane. Na hapa naomba utulivu wenu kidogo, maana ndipo kiini cha mhadhara huu. Ile i5-8250U inayokubaliwa imejengwa kwa ubunifu wa Kaby Lake, ule ule wa i5-7300U inayokataliwa. Intel iliongeza viini kutoka viwili hadi vinne na kuita kizazi kipya. Viini vyenyewe vina muundo mmoja. Udhaifu wa Meltdown na Spectre uliotangazwa Januari 2018 unazigusa zote mbili. Ule uwezo wa ndani ya prosesa unaoifanya kinga ya kiini iliyomo kwenye Windows 11 isiichoshe mashine upo kwenye Kaby Lake ya kizazi cha saba pia.

Microsoft ilitoa sababu zake Agosti 2021. Ilisema kwamba kwenye majaribio, kompyuta zisizotimiza masharti zilianguka kwenye kiini kwa asilimia 52 zaidi ya zile zilizotimiza. Sina sababu ya kuikanusha takwimu hiyo. Lakini kundi la wasiotimiza masharti linachanganya mashine ya 2009 na ya 2017, na wastani wa kundi hautuambii lolote kuhusu T470. Siku hiyo hiyo Microsoft ilikubali prosesa chache za kizazi cha saba, na kwa laptopu na mashine za mezani ndogo iliyokubaliwa ni i7-7820HQ, tena kwenye vifaa vilivyouzwa na viendeshi vya mtindo mpya. Surface Studio 2, iliyouzwa na Microsoft yenyewe, inatumia prosesa hiyo.

Hukumu yangu ni hii. Sharti la chipu ya TPM na Secure Boot lina hoja ya usalama ndani yake, na ninalitetea: laptopu ikiibiwa, diski iliyofungwa na chipu haisomeki. Sharti la orodha ya prosesa ni mstari wa kiutawala. Kampuni ilihitaji kukata mahali fulani ili ipunguze mzigo wa kupima, ikakata katikati ya ubunifu mmoja. Mzigo ule haukupotea, ulihamishiwa kwa wanunuzi wa mitumba.

Njia zilizopo ni tatu, na kila moja ina mipaka yake.

Ya kwanza ni mpango wa viraka vya ziada, unaoitwa ESU. Kwa mtu binafsi unamfikisha tarehe 13 Oktoba 2026. Kwenye ukurasa wa Windows Update ndani ya mipangilio kuna kiungo cha Enroll now. Unaweza kulipa dola 30, au kutumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au kukubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft bila malipo. Leseni moja inatosha kompyuta hadi 10 za akaunti moja. Akaunti ya Microsoft ni lazima, hata kwa anayelipa. Kampuni hutozwa dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei huongezeka maradufu kila mwaka kwa miaka isiyozidi mitatu. Taasisi za elimu zimepewa bei ya dola 1, kisha 2, kisha 4. Wakuu wa shule, ulizieni hiyo kwa wauzaji wa leseni kabla hamjaambiwa mnunue mashine mpya.

Ya pili ni kuilazimisha Windows 11. Microsoft yenyewe iliwahi kuchapisha thamani ya rejista iitwayo `AllowUpgradesWithUnsupportedTPMOrCPU`, kisha ikaiondoa kwenye kurasa zake. Kwenye T470 njia hii inafanya kazi, na viraka vya kila mwezi kwa kawaida vinakuja. Tatizo ni kwamba kampuni imesema wazi kuwa mashine ya namna hiyo haina haki ya masasisho, na toleo jipya la kila mwaka halijileti. Inabidi upakue faili la zaidi ya GB 5 na kurudia usakinishaji kwa mkono, la sivyo toleo ulilonalo litakwisha msaada nawe uwe umerudi pale pale. Kwa mashine za zamani zaidi mlango umefungwa kweli: tangu toleo la 24H2, kiini kinataka amri ambazo prosesa za enzi ya Core 2 Duo hazina, hivyo Windows haiwaki kabisa. Njia hii ninaiona inamfaa fundi anayeijua mashine yake. Chumba chenye kompyuta thelathini na mwalimu mmoja, hapana.

Ya tatu ni kuachana na Windows kwenye mashine hiyo. Linux Mint ya mfululizo wa 22 itapata viraka hadi 2029, na haiulizi kizazi cha prosesa. Faili lake ni karibu GB 3. Unaliandika kwenye flashi na kuwasha laptopu kutoka hapo bila kugusa diski, kisha unajaribu: Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Ukifunika kifuniko na kufungua, inaamka? Printa ya ofisi inachapa? Swali la printa msilipuuze, maana baadhi ya printa za leza za bei nafuu hutegemea programu ya mtengenezaji. T470 kwa kawaida hupita majaribio haya, isipokuwa kisoma alama za vidole ambacho mara nyingi hakitafanya kazi. Kinachokwamisha zaidi ni programu: QuickBooks ya kusakinishwa haipo, Access haipo, na faili za Excel zenye makro nzito zinaweza kuharibika kwenye LibreOffice. Kwa kuandika, kusoma, barua pepe na kivinjari, mwanafunzi hakosi kitu.

Kwa wanaonunua sasa, msisikilize neno "Core i5" peke yake. Mwambieni muuzaji afungue Task Manager, upande wa Performance, msome namba kamili ya prosesa. Tarakimu ya kwanza baada ya mstari ndiyo kizazi: i5-7300U ni cha saba, i5-8250U ni cha nane. Namba ikianza na 1, soma tarakimu mbili za mwanzo, kama i5-10210U ambayo ni ya kizazi cha kumi. Kwa laptopu za Ryzen, anzeni na mfululizo wa 3000. Na mkikuta Windows 11 tayari inawaka kwenye i5 ya kizazi cha saba, jueni ililazimishwa. Muuzaji hajakosea kuiuza, ila bei inapaswa kuwa ya T470, si ya T480.

Mwalimu mkuu mmoja aliniuliza wiki hii afanye nini na chumba kilichojaa T470, pamoja na nyingine ya ofisini yenye programu ya uhasibu. Nilimwambia aanze na za wanafunzi: anakili kazi zao, ajaribu Mint kwa flashi kwenye moja, kisha aziweke zote wakati wa likizo. Ya ofisini aiandikishe kwenye mpango wa viraka leo hii, na aweke kwenye bajeti mashine moja tu ya kizazi cha nane au zaidi kabla ya Oktoba 2026. Mashine hiyo ikifika, vitabu vya hesabu vihamishiwe huko, na T470 ya ofisini ifutwe, iwekewe Mint na kupelekwa kwa wanafunzi.